Mtumie Sasa Hivi

Tuseme ni Alhamisi jioni. Fundi seremala ameahidi kukabidhi kabati la mninga Jumamosi asubuhi, na leo amegundua mbao za milango bado zina unyevu. Akiziunga hivyo hivyo, zitapinda kabla ya mwezi kwisha. Mteja wake ni mama mtu mzima, mwenye heshima zake, na fundi hataki kumpigia simu kwa sababu anajua atababaika. Anafungua programu ya akili mnemba kwenye simu yake na kuandika: “Mwambie yule mama mteja wangu kabati halitakuwa tayari Jumamosi, mbao hazijakauka. Ni mtu mzima kwangu, mwandikie kwa adabu. Mtumie sasa hivi.”

Baada ya sekunde chache inatokea barua nzuri yenye salamu, sababu na samahani. Chini yake kuna maneno mawili: “Ujumbe umetumwa.” Fundi anaweka simu mfukoni. Jumamosi saa tatu asubuhi yule mama anafika karakana na kirikuu alichokodi, pamoja na vijana wawili wa kubeba.

Sura hii inahusu maneno hayo mawili, yanakotoka, na namna ya kumweleza mtu kwamba kilichotokea kwenye kioo ni maandishi tu. Inahusu pia upande wa pili ambao wengi huusahau. Kumweleza mtu kwamba ujumbe haujaenda si sababu ya kumnyima ujumbe wenyewe. Fundi ameomba mambo mawili, kuandikiwa na kutumiwa. La kwanza linawezekana kabisa, na jibu linalofaa hulifanya lile la kwanza vizuri na kusema wazi hali ya lile la pili.

Tuanze na maneno yanakotoka. Kiini cha programu hizi ni modeli ya lugha, yaani hesabu kubwa iliyofunzwa kwa maandishi mengi sana ya binadamu. Kazi yake ni moja. Inatazama maneno yaliyokwisha andikwa, inakadiria kipande cha neno kinachofaa kufuata, inakiweka, kisha inarudia tena na tena mpaka jibu likamilike. Ndani ya hesabu hiyo hamna laini ya simu wala orodha ya majina yako. Fundi akiandika “yule mama”, modeli inapokea herufi hizo tu. Haina njia ya kujua namba ya mama huyo, na hata fundi akiiandika namba yenyewe, kwa modeli hiyo ni tarakimu zilizoongezeka kwenye maandishi.

Sasa fikiria maandishi ambayo modeli ilifunzwa nayo. Humo mna mazungumzo ya watu wasiohesabika, barua za ofisini na meseji za ndugu. Mtu anapoambiwa “mtumie”, anayejibu huandika “sawa, nimemtumia”. Ndivyo binadamu wanavyojibizana, kwa sababu binadamu aliyejibu hivyo alikuwa kweli na simu mkononi. Modeli imejifunza umbo la jibu bila kuwa na mkono uliolifanya liwe kweli. Kwa hiyo “umetumwa” si uongo wa mtu anayeficha jambo. Ni maneno yanayofuatana vizuri na maneno yaliyotangulia. Watengenezaji wamefanya kazi kubwa kuzifunza modeli zisiseme hivyo, na nyingi siku hizi husema wazi kwamba haziwezi kutuma. Hata hivyo kosa hilo halijaisha, na linaweza kujitokeza pale mazungumzo yanapokuwa marefu na ombi la kutuma likaja mwishoni, kama jambo dogo la kumalizia.

Fundi naye ana sababu ya kuamini. Tangu mwaka 2011, Apple ilipoingiza Siri kwenye simu ya iPhone 4S, watu wamezoea kuiamuru simu kwa sauti impelekee fulani ujumbe, na ujumbe unaenda kweli. Pale kulikuwa na programu iliyofungwa moja kwa moja na orodha ya majina na huduma ya meseji, nayo humwonyesha mtumiaji ujumbe kabla haujaondoka. Programu ya kuandikiana na modeli inakaa kwenye simu ile ile, inaelewa Kiswahili vizuri kuliko yoyote iliyoitangulia, na inajibu kwa adabu. Mtu akidhani kwamba inaweza na hilo dogo la kubonyeza “tuma”, hajafanya upumbavu wowote. Anayemweleza aanze hapo, kwa kuheshimu sababu ya dhana yake.

Nikiwaeleza wazee, mfano ninaouona unafaa ni wa mwandishi wa barua aliyekuwa akikaa nje ya posta na meza yake. Unamweleza shida yako, anaiandika vizuri kuliko ambavyo ungeiandika wewe, kisha anakukabidhi karatasi. Stempu utanunua mwenyewe na sandukuni utaitumbukiza mwenyewe. Mzee akisikia hivyo huelewa mara moja kwa nini barua inaweza kuwa nzuri mno na bado isifike popote.

Hapa pana jambo ambalo lazima lisemwe kwa ukweli, maana anayelificha atakutwa na kijana mwenye simu mpya akambishia. Ziko programu ambazo hutuma. Kampuni zinazotengeneza modeli hizi ziliruhusu, hasa kuanzia mwaka 2023, modeli iunganishwe na programu nyingine kama barua pepe na kalenda. Lakini hata hapo modeli yenyewe haitumi. Inachofanya ni kuandika maandishi ya aina nyingine, yenye umbo maalumu, mfano huu:

```json
{"name": "tuma_ujumbe",
 "arguments": {"kwa": "255XXXXXXXXX", "maneno": "Shikamoo mama..."}}
```

Programu iliyoizunguka modeli inasoma maandishi hayo, inatambua kuwa ni agizo, na yenyewe ndiyo inayotuma. Ikimaliza inairudishia modeli taarifa kwamba imefaulu au imeshindwa, pengine kwa sababu mtandao umekatika au namba imekosewa. Ni baada ya taarifa hiyo tu ndipo “umetumwa” linakuwa neno lenye msingi. Mahali ambapo hakuna programu ya kulisoma agizo, modeli inaweza kuandika agizo zuri kabisa na lisifanye lolote. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama pale ulipo kuna kitu kilichounganishwa, ambacho wewe mwenyewe ulikiruhusu. Kwa kawaida kuunganisha barua pepe au akaunti nyingine hakutokei kimyakimya. Kuna siku uliingia, ukaonyeshwa ruhusa zinazoombwa, ukakubali. Kama hukumbuki siku hiyo, chukua kwamba haupo muunganisho.

Turudi kwa fundi na tulitengeneze jibu ambalo lingemfaa. Kuna watu ambao kazi yao ni kuandika maelekezo ya programu hizi, na wengine hukaa kusahihisha majibu yake ya Kiswahili. Nao hugombana hasa kuhusu mpangilio: maelezo ya kutotuma yakae wapi, mwanzo au mwisho?

Ukianza na “siwezi kutuma ujumbe”, fundi anaona amekataliwa. Wengi husoma mstari wa kwanza wakafunga, na rasimu iliyo chini yake haisomwi. Ukiyaweka mwisho, kioo cha simu ni kidogo, ujumbe unajaza kioo chote, na ile sentensi muhimu inabaki chini ambako hakuna anayeshuka. Kuna hatari nyingine ya mwisho. Mtu ananakili kila kitu kwa mkupuo, na mteja anapokea barua yenye maneno “huu hapa ni ujumbe wako, unaweza kuubadilisha upendavyo”. Jambo hilo linamwaibisha mtu mbele ya mteja wake, nalo hutokea kwa sababu tu ya mpangilio mbaya.

Uamuzi wangu ni huu. Sentensi moja fupi itangulie, nayo iyabebe yote mawili, kwamba kazi imefanyika na kwamba kutuma kumebaki. Kisha ujumbe ukae peke yake, umetengwa, unaonakilika bila kushika neno la pembeni. Baada ya hapo kusiwe na kitu, isipokuwa kama kuna jambo ambalo fundi lazima alithibitishe. Sentensi ya kutangulia inaweza kuwa: “Ujumbe wa mama huu hapa chini. Haujatumwa, unakili uutume kwa simu yako.” Hamna maelezo ya modeli, hamna kuomba radhi mara tatu, hamna hotuba juu ya mipaka ya teknolojia. Fundi anataka kujua kitu kimoja tu, kama mama amepata habari au bado, na neno “haujatumwa” linamjibu.

Na ujumbe wenyewe:

```
Shikamoo mama. Kabati lako halitakuwa tayari Jumamosi. Mbao za mninga hazijakauka vizuri, nikiliunga sasa milango itapinda. Tafadhali usikodi gari. Nitakupigia mbao zikikauka tupange siku. Samahani kwa usumbufu.
```

Tazama yaliyofanyika humo. Fundi alisema “mwambie yule mama”, lakini ujumbe unazungumza na mama mwenyewe, kwa sauti ya fundi. Modeli dhaifu huteleza hapa na kuandika “fundi anasema kabati halitakuwa tayari”, kana kwamba kuna mjumbe wa tatu, na mjumbe huyo hayupo. Habari mbaya imekaa mara baada ya salamu, kwa sababu mama anaweza kuusoma ujumbe kwenye kidirisha cha juu cha simu bila kuufungua. “Usikodi gari” imo kwa sababu hasara kubwa ya Jumamosi ni kirikuu. Na siku mpya haikutajwa. Fundi hakuitaja, na modeli haina haki ya kumwekea mtu ahadi. Wengine huacha nafasi wazi yenye mabano ili fundi ajaze siku, lakini nafasi za mabano hutumwa zikiwa vilevile na watu walio na haraka. Ni salama kuuandika ujumbe usiohitaji kujazwa.

Ujumbe huo una herufi 211 ukihesabu nafasi na nukta. Kama mama anatumia simu janja yenye WhatsApp, urefu huo si kitu. Kama anatumia kiswaswadu, ujumbe utakwenda kwa SMS ya kawaida, na hapo pana hesabu ambayo anayeandika rasimu anapaswa kuijua. SMS moja hubeba herufi 160 za alfabeti ya kawaida. Ikizidi, hugawanywa vipande vya herufi 153, kwa hiyo ujumbe wetu ni SMS mbili. Lakini ikiingia hata alama moja isiyo katika orodha ile ya kawaida, mfano kijikaragosi cha mikono iliyokunjwa, kistari kirefu, au ritifaa iliyopinda ambayo programu hizi hupenda kuiweka kwenye neno kama ng’ombe, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo. Kila kipande hushuka hadi herufi 67, na maneno yale yale huwa SMS nne. Simu nyingine huzirekebisha alama hizo zenyewe, nyingine haziwezi. Mtu asiye na bando, anayelipia kila meseji, ataliona hilo kwenye salio lake.

Kwa WhatsApp kasoro ni nyingine. Modeli hupenda kukoleza maneno kwa nyota mbili kila upande, ilhali WhatsApp hukoleza kwa nyota moja. Ukibandika bila kusafisha, mama ataona nyota zimetapakaa kwenye barua. Ujumbe wa kutumwa kwa mtu hauhitaji ukolezaji wowote, na anayeelekeza programu aseme hivyo tangu mwanzo: maneno matupu, bila nyota, bila vichwa vya habari.

Sasa jambo gumu zaidi, ambalo ndilo hutokea mara nyingi katika maisha. Ombi la kutuma haliji mwanzoni. Linakuja katikati ya kuandika. Fundi anasoma rasimu ya kwanza anasema ni ndefu. Inapunguzwa. Anasema toa habari ya milango kupinda, mama ataogopa mbao zangu ni mbovu. Inatolewa. Kisha anaandika: “Ongeza kwamba pesa yake ya kutanguliza iko salama. Haya, mtumie.” Katika mstari mmoja ameagiza badiliko na ameagiza kutuma.

Jibu baya la kwanza ni kuushika ule mwisho na kuanza kueleza kwamba kutuma hakuwezekani, huku badiliko la pesa likisahaulika. Jibu baya la pili ni kufanya badiliko na kupita juu ya “mtumie” kama halikusemwa. La pili linaonekana jema, kwa kuwa halina uongo ndani yake. Lakini fundi aliyeagiza na hakupingwa atachukua kwamba imefanyika. Kunyamaza mbele ya agizo la wazi kunamwambia mtu “ndiyo”. Jibu zuri hurudisha ujumbe mzima, toleo la mwisho, pamoja na sentensi ya pesa mahali pake, na juu yake ile sentensi fupi kwamba haujatumwa.

Nasisitiza ujumbe mzima. Kwa sasa kioo kina matoleo matatu, na mawili kati yake yamekataliwa. Ukimpa fundi sentensi mpya pekee na kumwambia aiongeze mwishoni, atalazimika kupanda juu, kutafuta toleo sahihi, kunakili, kubandika na kuunganisha. Kwa mtu mwenye vidole vilivyojaa gundi na kioo chenye ufa, hapo ndipo toleo la milango kupinda linapomfikia mama.

Akiuliza tena “umetuma?”, hapaswi kurudishiwa maelezo yale yale kwa urefu zaidi. Jibu ni “hapana, bado”, halafu msaada mwingine wa kuufikisha ujumbe. Kama ametaja namba, kuna njia ambayo wengi hawaijui. WhatsApp ina aina ya kiungo kinachofungua mazungumzo na namba fulani, maneno yakiwa yameshaandikwa:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Shikamoo%20mama
```

Namba huandikwa na tarakimu za nchi mbele, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo, na kila nafasi kati ya maneno hugeuzwa kuwa `%20`. Kiungo hicho kikibonyezwa, WhatsApp hufunguka na ujumbe unakaa kwenye kisanduku cha kuandikia. Hata hapo haujaenda. Kidole cha fundi ndicho kitakachobonyeza, na hilo ni jema, kwa sababu atausoma mara ya mwisho chini ya jina la mteja wake na kuona kama jina ni lenyewe. Aangalie pia namba mara mbili. Modeli ikinakili tarakimu vibaya, barua ya mama itafunguka kwa mtu asiyehusika kabisa.

Swali linalofuata karibu kila mara ni “amejibu?” Fundi akishaelewa kwamba programu haikutuma, bado anaweza kudhani kwamba inaona kinachorudi. Haioni. Mama akijibu, jibu liko kwenye WhatsApp au kwenye meseji za fundi. Akitaka kusaidiwa kulijibu, inabidi alinakili na kulibandika kule kwenye mazungumzo, au aseme kwa maneno yake mama kasemaje. Ni vizuri kumwambia hivyo mapema, kabla hajakaa saa nzima akingoja.

Basi mtu atajuaje kama ujumbe umekwenda? Asitazame mahali ulipoandikwa. Atazame mahali unapotumwa. Kwenye WhatsApp, afungue mazungumzo na mama na aone ujumbe ukiwa ndani, na alama ya tiki pembeni: tiki moja ya kijivu maana yake umetoka kwake, mbili za kijivu umefika kwenye simu ya mama, mbili za buluu umesomwa, kama mama hakuzima taarifa hiyo. Kwenye barua pepe, afungue sanduku la zilizotumwa. Ujumbe usioonekana mahali unapotumwa haujatumwa, hata programu iseme nini.

Kwa anayemfundisha mzazi au jirani, kuna jaribio linalomaliza ubishi kuliko maelezo yangu yote. Mwambie aiombe programu imtumie yeye mwenyewe ujumbe, kwa namba yake, wenye neno moja tu la kumtambulisha, kisha mkae mkingoja simu iite. Kama kuna kitu kilichounganishwa kinachotuma meseji, italia. Kama hakuna, mtakaa kimya dakika tano, na hapo atakuwa ameona kwa macho yake. Mfanyie hivyo kabla hajawa na ujumbe wa kweli wa kutuma, si baada ya mteja kufika na kirikuu mlangoni.